Kampuni Yako Iko Hatua Gani? Namna ya Kuusoma Mgogoro wa Ukuaji Kabla ya Kuutibu

Mwenye biashara akisema "kampuni imekua, sasa inanishinda", idadi ya wafanyakazi wake haitoshi kukwambia tatizo liko wapi. Kampuni mbili zenye watu thelathini na kitu zinaweza kuugua magonjwa yaliyo kinyume kabisa. Moja haina utaratibu wowote: mshahara unachelewa kwa sababu hakuna aliyejua tarehe, mzigo unatoka stoo bila karatasi, na wateja wawili wameahidiwa bidhaa ile ile. Nyingine ina utaratibu tele, lakini kila jambo linasubiri saini ya mtu mmoja ambaye simu yake haipatikani. Ukiipa kampuni ya pili dawa ya ile ya kwanza, yaani kanuni zaidi, fomu zaidi na saini zaidi, utaizidishia ugonjwa. Hilo ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko jingine lolote, na mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake.

Ramani ninayoitumia ni ya Larry Greiner, aliyeichapisha mwaka 1972 akiwa mhadhiri wa Harvard. Alisema kampuni inayokua hupita vipindi virefu vya utulivu, na kila kipindi huishia kwenye mtikisiko. Mwanzoni kampuni inakua kwa ubunifu wa mwanzilishi, mpaka inafika mahali hakuna anayeiongoza. Huo ni mgogoro wa uongozi. Anapopatikana wa kuiongoza, inakua kwa maelekezo kutoka juu, mpaka walio chini wanabanwa pumzi. Huo ni mgogoro wa uhuru wa kuamua. Wakipewa madaraka, inakua kwa kukasimu, mpaka kila idara inakwenda njia yake. Huo ni mgogoro wa udhibiti. Makao makuu yakileta uratibu, inakua kwa mifumo, mpaka mifumo yenyewe inakuwa mzigo. Huo ni mgogoro wa urasimu. Baada ya hapo inategemea timu zinazovuka mipaka ya idara.

La kushika hapo ni moja: kila mgogoro umezaliwa na dawa iliyotibu mgogoro uliotangulia. Kwa hiyo swali la "tuko hatua gani" linajibiwa kwa kutazama dawa gani ilitumika mara ya mwisho, na sasa inadhuru wapi. Migogoro miwili ya mwanzo nitaieleza kwa kirefu, kwa sababu ndiyo inayochanganywa. Miwili inayofuata nitaipitia haraka.

Hatua ya 1: Hesabu ukubwa, lakini usiishie kwenye vichwa

Sera ya Tanzania ya viwanda vidogo na biashara ndogo, ya mwaka 2003, inagawa biashara hivi: wafanyakazi 1 hadi 4 ni biashara ndogo sana, 5 hadi 49 ni ndogo, 50 hadi 99 ni ya kati, na kuanzia 100 ni kubwa. Mgawanyo huo unafaa benki na takwimu za serikali. Hausemi lolote kuhusu hatua ya kampuni, na mtu anayeutumia kuamua kwamba "sisi bado wadogo, hatuhitaji meneja" anatumia kipimo cha kazi nyingine.

Hesabu mambo matatu. Kwanza, watu wote wanaopokea fedha kwa kazi yako, vibarua wa kila siku wakiwemo, kwa sababu kibarua naye anahitaji wa kumwelekeza. Pili, sehemu za kazi: watu ishirini chini ya paa moja ni rahisi kuwaongoza kuliko kumi na wawili walio kwenye maduka matatu. Tatu, na hiki ndicho muhimu kuliko vyote, ni watu wangapi wanaopeleka mambo moja kwa moja kwa mkuu.

Usiipate namba hiyo ya tatu kwenye chati ya ukutani. Mwombe mkuu afungue simu yake, mtazame pamoja orodha ya waliompigia na waliomwandikia kuhusu kazi kwa siku saba zilizopita. Chati itasema watatu, simu itasema kumi na mmoja. Amini simu.

Hatua ya 2: Pima urasmi kwa kufuata karatasi moja

Usiulize kama kampuni ina taratibu. Kila mtu atasema zipo, na pengine atakuonyesha faili zuri lililoandaliwa na mshauri miaka miwili iliyopita. Chagua ununuzi mmoja wa mwezi uliopita, wa kawaida tu, si mkubwa, uufuate tangu mtu alipohitaji kitu mpaka fedha ilipotoka. Nani alisema kinahitajika? Aliandika au alipiga simu? Nani aliidhinisha? Nani alipokea mzigo na kuuhesabu? Nani alilipa, na risiti iko wapi? Halafu fanya vivyo hivyo kwa mtu mmoja aliyeajiriwa karibuni: alipatikanaje, mkataba wake uko wapi, nani alimwambia kazi yake ni nini.

Majibu yataangukia mojawapo ya hali tatu. Ikiwa hakuna karatasi, na kila uliyemuuliza anasimulia jinsi jambo lilivyokwenda kwa namna yake, urasmi uko chini. Ikiwa karatasi zipo na zote zinapita mikono miwili au mitatu kisha zinaishia kwenye saini ileile moja, urasmi uko juu lakini madaraka yamebaki kileleni. Ikiwa karatasi zipo, zina saini za watu tofauti, lakini kila idara ina fomu yake na bei yake, basi madaraka yameshashuka na kinachokosekana ni uratibu.

Kuna hali ya nne inayopotosha watu. Karatasi zinajazwa baada ya tukio. Mzigo ulishaingia wiki iliyopita, na leo keshia anaandika ombi la kuununua ili faili likamilike. Tarehe na wino vitakwambia: maombi sita yaliyoandikwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, siku moja. Kampuni ya namna hiyo ihesabu kama isiyo na urasmi, hata faili liwe nene kiasi gani.

Hatua ya 3: Sikiliza lalamiko linaelekea wapi

Hapa ndipo hatua inapojulikana kwa uhakika. Zungumza na watu wa ngazi tatu, kila mmoja peke yake, na uwaulize swali moja la kawaida: mara ya mwisho kazi yako ilikwama, ilikwama wapi?

Katika mgogoro wa uongozi, watu wa chini wanasema "hatujui tumsikilize nani". Mwanzilishi mwenyewe anachukia vikao, anatamani kurudi kwenye kazi aliyoianza, iwe ni kushona, kuchomelea au kuandika programu, na anashangaa kwa nini watu wapya hawana moyo kama wale wa kwanza. Wa kwanza walikuwa ndugu na marafiki waliokubali mshahara mdogo. Wapya wamekuja kwa ajira.

Katika mgogoro wa uhuru, lalamiko linatoka kwa watu wa kati. Mameneja ndio wanaosema "nimeajiriwa kuamua, lakini siamui". Wanalijua soko au mashine kuliko mkuu, ila hawana ruhusa ya kununua hata mkanda wa mashine. Dalili kubwa ni kuondoka kwa mameneja wazuri, huku waliobaki wakiwa wale wanaojua kusema "ngoja nimuulize bosi". Ukiona meneja amejifunza kutoamua, huo mgogoro una umri.

Katika mgogoro wa udhibiti lalamiko linahamia juu. Mkuu ndiye anayelia: "mambo nayasikia nje". Na katika mgogoro wa urasimu analia kila mtu, kila upande ukiulaumu mwingine. Makao makuu wanasema matawi hayafuati taratibu, matawi yanasema makao makuu hawajui kazi.

Kwa ufupi wa kukumbuka: wakilia walio chini ni uongozi, wakilia wa kati ni uhuru, akilia mkuu ni udhibiti. Si kanuni ya hisabati, lakini inakuweka karibu.

Mfano: kiwanda cha mikate

Chukua kiwanda cha mikate katika mji wa kiasi. Ni mfano niliouunda, lakini atakayekuwa amefanya kazi mahali kama hapo atautambua. Kilianza na tanuri moja na watu watano. Sasa kina wafanyakazi 35: waokaji 16 kwa zamu mbili, madereva 4, wauzaji wa njia 6, watu wawili wa stoo, watatu wa ofisini akiwemo mhasibu, walinzi wawili, na mameneja wawili, mmoja wa uzalishaji na mmoja wa mauzo. Mwenye kiwanda ni mama aliyekianzisha mwenyewe. Aliajiri mameneja kwa mara ya kwanza miaka mitatu iliyopita, wakati mambo yalipokuwa hayaendi kabisa, na kwa kweli walimsaidia. Walileta daftari la stoo, zamu zilizoandikwa na mshahara wa tarehe 28.

Sasa mambo yamekwama tena. Mauzo hayapandi, madereva wanachelewa, na meneja wa mauzo, wa pili katika miaka mitatu, ametoa taarifa kwamba anaacha kazi. Mama anaona watu wamekuwa wazembe. Amefungua kundi la WhatsApp ambamo kila matumizi yanapigwa picha, na ametoa agizo kwamba hakuna kitu kitakachonunuliwa bila saini yake.

Tazama alfajiri moja kwa karibu. Saa kumi na moja gari la njia ya mashariki limeshapakiwa mikate 800. Tairi lina pancha na la akiba halipo, lilipelekwa kuzibwa wiki iliyopita na halijalipiwa. Fundi yuko umbali wa mita mia mbili, anataka shilingi 15,000. Dereva anampigia meneja wa mauzo. Meneja anasema hana ruhusa, apigiwe mama. Mama yuko kwenye basi la kwenda Dar es Salaam, simu haishiki. Dereva anatuma picha ya tairi kwenye kundi. Watu wanne wanaiona, hakuna anayejibu. Fedha inatoka saa mbili kasoro. Gari linafika duka la kwanza saa tatu, na mwenye duka keshanunua mikate ya kiwanda kingine. Jioni yanarudi makreti yenye mikate 310.

Mama akisikia, atasema dereva alipaswa kukagua tairi jana, na ni kweli. Lakini ukitumia vipimo vyetu, picha ni nyingine. Chati inaonyesha watu watatu chini yake. Simu yake inaonyesha kumi na mmoja: mameneja wawili, mhasibu, madereva wote wanne, keshia, watu wawili wa stoo na mlinzi. Karatasi zipo na zinafuatwa, zote zikiishia kwenye saini moja. Wanaolalamika zaidi ni mameneja. Huu ni mgogoro wa uhuru. Na agizo la "hakuna kitu bila saini yangu" ni dawa ya miaka mitatu iliyopita iliyozidishwa kipimo.

Hatua ya 4: Thibitisha kwa daftari la maamuzi

Mwenye kampuni hataamini maneno ya mgeni, wala hatapenda kusikia kwamba tatizo limekaa kwenye kiti chake. Mpe daftari. Kwa wiki mbili, kila jambo linaloletwa kwake kwa uamuzi liandikwe mstari mmoja: saa lililoletwa, nani kalileta, jambo gani, thamani yake, saa lilipojibiwa, na kama alilibadilisha au alilipitisha lilivyo. Safu hiyo ya mwisho ndiyo yenye kazi.

Katika kiwanda chetu daftari linaonyesha mambo 62. Kati ya hayo, 41 yalikuwa matumizi ya chini ya shilingi 200,000. Mama alibadilisha matatu tu. 38 aliyapitisha kama yalivyokuja. Maana yake ni kwamba saini yake haikuongeza uamuzi wowote kwenye mambo hayo, iliongeza kusubiri peke yake. Yaliyobaki 21 yalikuwa mikopo ya mikate kwa maduka (9), ruhusa na advansi za wafanyakazi (7), na mambo makubwa ya kweli (5): ununuzi wa unga, tanuri lililopasuka, njia mpya. Hayo matano ndiyo yaliyostahili muda wake, na ndiyo aliyoyajibu kwa haraka kuliko yote, akiwa amechoka.

Daftari hilohilo linaweza kukuonyesha kwamba ulikosea kusoma. Kama mama angebadilisha nusu ya yaliyoletwa, na akawa sahihi, basi mameneja hawajui kazi au hawajaelezwa kazi. Hapo kampuni bado iko kwenye mgogoro wa uongozi, na kukasimu madaraka kungekuwa hasara. Usikasimu kabla ya kuiona safu hiyo.

Hatua ya 5: Kama ni mgogoro wa uongozi

Dawa yake ni kumpata meneja mwenye nguvu ambaye waanzilishi wanamkubali, kisha kumwacha aweke mifupa ya kampuni: nani anaripoti kwa nani, bajeti, stoo, mahesabu, ajira. Neno gumu hapo ni "wanamkubali". Mwanzilishi huajiri meneja kwa mdomo huku moyo ukikataa.

Kampuni ya Apple inafaa kutazamwa, kwa sababu hatua zake za mwanzo ziko wazi. Ilianzishwa mwaka 1976 na vijana wasio na ujuzi wa kuendesha kampuni. Mwaka uliofuata Mike Markkula, aliyekuwa ameshafanya kazi Intel, aliweka fedha na akasaidia kumleta Mike Scott awe rais wa kampuni. Scott alianza kuweka utaratibu, mpaka namba za vitambulisho vya wafanyakazi. Inasimuliwa kwamba, kati ya waanzilishi, Steve Wozniak alipewa namba 1 na Steve Jobs namba 2, Jobs akakasirika, na mwisho akajichukulia namba 0. Ni kisa cha kuchekesha, lakini ndivyo mgogoro wa uongozi unavyoonekana kwa ndani: utaratibu wa kawaida kabisa unageuka ugomvi wa nani mwenye mali.

Mwaka 1981 Scott aliwafukuza wafanyakazi wapatao 40 kwa siku moja, na haukupita muda naye akaondolewa kwenye kiti chake. Mwaka 1983 akaletwa John Sculley kutoka Pepsi, na Septemba 1985 Jobs mwenyewe akaondoka. Yaani kampuni iliyokuwa inauza vizuri sana ilihitaji miaka minane kutatua swali la nani anaiongoza. Mauzo mazuri hayakwambii kwamba hakuna mgogoro. Mara nyingi ndiyo yanayouficha.

Kwa kampuni ndogo, mambo ya kufanya ni machache. Mwanzilishi aandike karatasi moja inayosema kazi zipi anaziacha na zipi anabaki nazo. Ndugu walioajiriwa wapewe vyeo vya kazi na bosi asiye mzazi wao. Na meneja mpya atambulishwe na mwanzilishi mwenyewe, mbele ya wote, pamoja na tarehe ambayo kuanzia hapo mambo fulani hayaendi tena kwa "mzee" wala kwa "mama". Mfanyakazi wa zamani atajaribu kupita mlango wa nyuma ndani ya wiki ya kwanza, hilo ni hakika. Jibu atakalopewa ndilo litakaloamua kama meneja ana kazi au ana kiti tu.

Hatua ya 6: Kama ni mgogoro wa uhuru

Hapa dawa ni kukasimu, na kukasimu si kusema "jiamulieni". Kaa na kila meneja, mchukue daftari la maamuzi, mgawe mambo yote katika mafungu matatu: anayoamua bila kusema, anayoamua kisha anaripoti, na ambayo lazima aulize kwanza.

Katika kiwanda cha mikate, meneja wa uzalishaji anapewa kikomo cha shilingi 200,000 kwa ununuzi mmoja, na shilingi 600,000 kwa wiki nzima. Kikomo cha wiki ni cha lazima. Ukiweka cha ununuzi mmoja peke yake, ankara ya laki nane itagawanywa kuwa nne, na hata mtu mwaminifu atafanya hivyo akibanwa na kazi. Kila gari linapewa shilingi 30,000 za dharura zinazorudishiwa kwa risiti, na meneja wa mauzo anaweza kukopesha duka lililolipa vizuri kwa miezi mitatu mpaka mikate ya siku mbili. Mama anabaki na bei, mikataba ya unga, kuajiri na kufukuza, mikopo ya benki na njia mpya. Mgawanyo mmoja hauguswi: anayeagiza siye anayepokea, na anayepokea siye anayelipa. Bila hilo, utakuwa umekasimu wizi.

Akitoa madaraka, mama lazima apate kitu mkononi, la sivyo atayarudisha kwa hofu. Kitu hicho ni ukurasa mmoja kila Jumatatu: mikate iliyookwa, iliyouzwa, iliyorudi, deni la maduka, fedha iliyotumika dhidi ya kikomo, na mikate iliyotoka kwa kila mfuko wa unga wa kilo 50. Hiyo namba ya mwisho ina maneno mengi. Mfuko uliokuwa ukitoa mikate 175 ukianza kutoa 160, ama mikate imekuwa mizito, ama inaungua, ama kuna unga unaotoka mlango mwingine. Atalijua hilo bila kusaini ankara hata moja.

Jambo linaloharibu kazi hii yote hutokea mwezi wa kwanza au wa pili. Meneja anafanya uamuzi mbaya ndani ya kikomo chake. Ananunua mkanda wa bei ya juu, au anakopesha duka linalofunga. Mwenye kampuni akiutangua uamuzi huo mbele ya watu, kesho yake simu kumi na moja zinarudi. Aulize faraghani, baada ya siku moja au mbili: ulijua nini wakati unaamua? Akiona kikomo kilikuwa kikubwa mno, akipunguze kwa maandishi kuanzia mwezi ujao, kisianze kwa uamuzi uliokwisha kufanyika.

Baada ya wiki nane, rudia daftari kwa wiki mbili nyingine. Kama mambo 62 yameshuka mpaka ishirini hivi, na mengi ni ya uzito wa yale matano, kazi imefanyika. Kama yameshuka lakini mikate inayorudi imeongezeka, kuna maamuzi ambayo sasa hayafanywi na mtu yeyote. Na kama hayajashuka, msimchunguze meneja kwanza. Chunguzeni nani aliyekuwa akijibu simu.

Yanayofuata, na mipaka ya ramani

Kampuni ikivuka hapo hupata nafasi ya kupumua. Greiner aliona kwamba zinazonusurika mgogoro mara nyingi hukua bila kurudi nyuma sana kwa miaka minne hadi minane. Kisha madaraka uliyoyashusha yanaanza kuzaa falme. Mauzo wanaahidi mikate ambayo uzalishaji hawajapanga, tawi la pili linauza kwa bei yake, na mameneja wawili wananunua unga uleule kwa wauzaji tofauti. Mkuu atatamani kurudisha kila kitu mezani kwake. Kampuni ikishatawanyika kiasi hicho, kurudisha huko huwa hakuwezekani, maana mambo ni mengi kuliko mtu mmoja. Kinachofaa ni kuunganisha vichache vinavyoumiza vikiachana, kama ununuzi mkubwa, bajeti na mahesabu, na kuacha mengine huko yaliko. Mifumo hiyo ikizidi, ndipo unapoingia urasimu: fomu inatetewa kuliko mteja, na mtu anasifiwa kwa kufuata utaratibu hata kazi ikiwa imeharibika.

Ramani hii haikubali kila kampuni. Duka la vifaa vya ujenzi lenye watu sita, ambalo mwenyewe hataki liwe na matawi, linaweza kukaa miaka thelathini katika hatua ya kwanza likiwa na afya njema. Asilazimishwe mtu kukua ili aingie kwenye mchoro. Kasi ya soko nayo ina neno. Katika biashara inayopanda haraka migogoro hufuatana bila nafasi, na katika iliyotulia kampuni inaweza kuchukua miaka mingi kabla ya kuhisi wa kwanza. Na kampuni moja inaweza kuwa na hatua mbili ndani yake: tawi jipya la mji wa jirani likiwa bado linaendeshwa kwa moyo na kumbukumbu ya mtu mmoja, wakati makao makuu wanalitumia fomu za kurasa nne. Hapo pima kila sehemu peke yake, kwa simu yake, karatasi yake na malalamiko yake.